Meseji ya kumuaga mtu aliyekukaushia: namna ya kuiandika bila kijembe wala ndoano

Mmemechi kwenye apu, mkachati wiki mbili tatu, pengine mmeshahamia WhatsApp na mmeonana mara moja, alafu ghafla mwenzako kimya. Huku kwetu tunasema kakausha, kauchuna, kakupotezea, Wakenya wao wanasema umeblutikiwa. Hajakuambia hapana, hajakuambia ndio, na wewe kila ukisikia simu inalia unaruka kama mtu anayesubiri majibu ya usaili. Hapa naeleza jinsi ya kuandika meseji moja fupi, ya kistaarabu, ya kuyamaliza kwa upande wako, uitume mara moja na uendelee na maisha. Sio ya kumrudisha, hiyo ni kazi nyingine na mimi siijui.

Nitatumia mfano wa rafiki yangu, tumepanga nyumba moja Sinza, kaniruhusu nisimulie ila jina la jamaa nimelificha tumwite J. Walimechi Tinder, wakachati kama siku kumi, wakahamia WhatsApp, Jumamosi moja wakaonana Coco Beach wakala mihogo na mishkaki mpaka jua likazama. J alimsimulia kisa cha baba yake aliyekua anapeleka barua kwa baiskeli ya posta isiyo na breki, wakacheka sana. Jumatatu jamaa akaandika asubuhi njema, Jumatano dada akamuuliza kazi inaendaje, tiki zikawa bluu, na hapo ndo ikawa mwisho wa habari.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kweli umekaushiwa, na wengi tunairuka hii tukiwa na hasira. Angalia tiki. Tiki moja ya kijivu maana yake meseji haijafika kwenye simu yake, inawezekana simu imezima, bando limeisha, simu imeporwa dirishani kwenye daladala (na hapa mjini hilo sio jambo la ajabu), au kakubloku. Ukiblokiwa tiki inabaki moja siku zote, huoni tena mara ya mwisho alipokua onlaini, na picha yake mara nyingi unakua huioni ikibadilika, lakini WhatsApp wenyewe hawakuambii wazi kwamba umeblokiwa kwa hiyo usiape. Tiki mbili za kijivu zimefika ila hazijasomwa, au kasoma huku kazima zile tiki za bluu. Ujanja mdogo ni kwamba voisi noti haifichiki, akiisikiliza kile kimaiki kinageuka bluu hata kama kazima tiki, ila nakuomba usimtumie voisi noti kwa ajili ya upelelezi, utajiongezea ugonjwa tu.

Tiki mbili za bluu na siku zinapita, hapo amesoma. Ila hata hapo mtumie meseji moja ya kawaida baada ya siku tatu nne, moja tu, isiyo na lawama, kitu kama "J, pole na majukumu, ukipata nafasi nicheki." Alafu mpe wiki nzima. Kama ni mwezi wa Ramadhani na mwenzako ni Muislamu mpe na zaidi, maana kuna watu wanasimamisha kabisa mambo ya kuchati na watu wa kando mpaka Idi na wala hawatangazi. Rafiki yangu alituma ile ya kuulizia siku ya Jumamosi, akahesabu mpaka Jumanne ya pili yake, siku kumi, kimya. Basi.

Kwanini nasisitiza kusubiri? Nina yangu ya aibu. Miaka ya nyuma kuna kaka alinikaushia siku tano nikamshushia voisi noti tatu mfululizo, ya mwisho nilikua napiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Kumbe yuko Tanga wanazika, mama yake mdogo. Alinijibu kwa neno moja, "nimesikia", na mpaka leo nikikutana na mtu wa Tanga nasikia joto la uso. Tangu siku hiyo kila meseji ya kuaga naipima hivi, kama huyu mtu yupo msibani au wodini sasa hivi, nikija kujua kesho, nitaona aibu kwa nilichoandika? Jibu likiwa ndio, inafutwa.

Kabla hujaandika pia jiulize kama inahitajika. Mmechati siku mbili tu "mambo poa, unaishi wapi" alafu akapotea, hakuna cha kuaga hapo, acha iende. Kama alianza kukuomba hela, ukakataa akapotea, au ulituma na akapotea, huyo hukua na uhusiano naye wa kuaga, mbloku na mripoti kwenye apu. Na kama kuna kitu alifanya kikakutisha, vitisho, kulazimisha picha, kukufatilia mpaka mtaani, usimuandikie kabisa, maana meseji nzuri kwa mtu wa namna hiyo anaisoma kama mlango uko wazi.

Hatua ya pili, andika ile mbaya kwanza. Usiiandikie kwenye chati yake, kidole kinateleza, na ukifuta inabaki alama kwamba umefuta meseji alafu anaanza kujiuliza ulisema nini. Andika kwenye notsi za simu. Mwaga kila kitu. Hii hapa ya rafiki yangu kama alivyoandika saa sita usiku:

"Mambo J, upo kweli? Sijui nimekukosea nini maana tangu tuonane umeninyamazia tu na nikiangalia naona upo onlaini kila mda, ungeniambia tu kama hujanipenda mimi ni mtu mzima ningeelewa, ulisema we sio kama wanaume wengine kumbe wote walewale, eniwei asante kwa somo, nakutakia kila la heri na huyo uliyenaye, ukibadilisha mawazo namba yangu unayo. Mungu anakuona."

Ukiisoma ukiwa nje yake unaona imebeba vitu vinne kwa wakati mmoja, inauliza, inashtaki, inachoma, na bado inaomba arudi. Kwa hiyo kazi yote iliyobaki ni kuchomoa.

Hatua ya tatu, chomoa maswali, na anza na salamu. Hapa Kiswahili kinatuponza kwasababu salamu zetu karibu zote ni za kujibizana. Ukisema mambo mtu anadaiwa poa, ukisema habari anadaiwa nzuri. Na ukianza na assalaam aleykum ndo umemfunga kabisa, kwa Muislamu kuirudisha ile salamu ni wajibu, sasa umemtumia mtu meseji ya kumwachia aende huku umemshika mkono. Mimi naanza na jina lake tu na sentensi isiyouliza, "natumai uko salama", inatosha. Alafu pitia iliyobaki, kila penye alama ya kuuliza futa, na yale maswali yaliyojificha pia. "Sijui nimekukosea nini" haina alama ya kuuliza lakini ni swali, na likikaa hapo utakua unasubiri jibu lake mpaka Krismasi.

Hatua ya nne ndo yenye nyama. Tafuta vitenzi vyote ambavyo mtendaji wake ni yeye. Kwenye drafti ya rafiki yangu tulikaa kitandani tukapigia mstari, upo, umeninyamazia, upo tena, ungeniambia, hujanipenda, ulisema, uliyenaye, ukibadilisha, unayo. Tisa kwenye meseji ya mistari mitano. Hii "ume" na "huku" kwenye lugha yetu inanyoosha kidole yenyewe, hata ukiweka na kiemoji cha tabasamu mbele. Mtu akisoma "umeninyamazia" anaanza kutafuta utetezi, hata kama alikua ameshaona kakosea.

Dawa yake ni kubadilisha anayetenda. Kuna njia mbili. Moja ni kulifanya jambo lenyewe litende, badala ya "umeacha kunijibu" unasema "mazungumzo yetu yamepoa" au "yameishia pale", mazungumzo hayana mtu wa kulaumiwa, yamepoa kama chai. Ya pili ni kusema yako kwa "ni", yani nilifurahia, naona, naishia hapa. Hesabu tena ukimaliza. Ukibaki na kitenzi kimoja cha yeye, kama "uko salama", uko vizuri. Vikizidi viwili rudi ukachomoe.

Ila angalia usije ukapindua ukajishtaki mwenyewe, "najua mimi ndo sikua mzuri wa kutosha, nisamehe kama nilikuboa". Watu hua wanadhani huo ndo unyenyekevu. Kwa anayesoma ule ni mzigo, sasa inabidi aje akubembeleze au aonekane katili, na ameshakimbia meseji nyepesi kuliko hiyo.

Hatua ya tano, vijembe. Jamani sisi watu wa huku tumekulia kwenye kanga, fumbo tunalinyonya na maziwa, kwa hiyo kijembe kinapenya hata mtu akiwa na nia njema. "Asante kwa somo" ni kijembe. "Nakutakia kila la heri na huyo uliyenaye" ni kijembe cha wazi, na humjui huyo unayemsema. "Mungu anakuona" sina haja ya kueleza. Hata "nakutakia upate unachokitafuta", ambayo mimi niliipendekeza mwanzo nikijua ni baraka, rafiki yangu akaisoma kwa sauti ya shangazi mtu akiwa amekunja mdomo, tukacheka, tukaifuta. Fanya hivo hivo, isome kwa sauti mara mbili, mara ya kwanza kawaida, mara ya pili kama wifi mwenye hasira. Sentensi inayonoga kwa sauti ya wifi itoe.

Methali nazo ziache zote, methali kwenye meseji ya kuachana mtu haisomi kama hekima, anaisoma kama hukumu.

Ya sita ni fupi, chomoa ndoano. "Namba yangu unayo", "nipo", "tutaonana", "milango iko wazi", "tubaki marafiki". Ukiacha moja tu hujaaga, umetega. Na wewe ndo utakayekaa unachungulia kama imenasa.

Sasa kilichobaki ni kidogo sana, na hapo ndo unaongeza kitu kimoja tu, shukrani ya jambo halisi mlilofanya au alilosema. Sio "wewe ni mtu mzuri sana", hiyo unaweza kumtumia hata fundi bomba. Jambo ambalo yeye akisoma anajua ni yeye. Kwa rafiki yangu ilikua ile baiskeli ya posta. Kama mkiwaza na hampati hata kitu kimoja cha kushukuru, hiyo nayo ni taarifa, pengine meseji yenyewe haihitajiki. Baada ya shukrani unasema mwisho wazi, kwa sentensi moja, unamwachia asijibu, unaaga. Yake ilitoka hivi:

"J, natumai uko salama. Nilifurahia ile Jumamosi ya Coco, na ile stori ya baba yako na baiskeli ya posta bado inanichekesha. Naona mazungumzo yetu yameishia pale, na mimi naishia hapa kwa moyo mweupe. Hakuna haja ya kujibu. Nakutakia mema kazini na nyumbani. Kwaheri."

Maneno 43. Tulibishana sana kwenye "hakuna haja ya kujibu". Yeye alitaka "usijibu", nikamwambia hiyo ni amri, inasikika kama umenuna. Mimi nilitaka "hata usipojibu ni sawa", akaniambia hiyo inasema kimoyomoyo ningependa ujibu, na alikua sahihi. "Hakuna haja" haimtaji mtu yoyote, inakaa tu. "Kwa moyo mweupe" nayo aliiweka yeye, iweke kama ni kweli, kama bado una donge liache tu liwe "na mimi naishia hapa" bila nyongeza.

Kama hamkuwahi kuonana, ifupishe zaidi, mtu ambaye hujamwona sura ukimwandikia aya nzima anaogopa: "Natumai uko salama. Nilifurahi kuchati na wewe, hasa zile habari za mapishi ya kwenu Pemba. Kwa upande wangu naishia hapa. Kila la heri."

Na kaka zangu, lile la nauli. Najua ulituma ya bodaboda na hakutokea, na inauma. Lakini ukiitaja kwenye meseji ya kuaga, hata kwa "nauli nimekusamehe", umegeuza kuaga kuwa kudai, na hiyo ndo skrini shoti itakayozunguka kwenye magrupu ya mashoga zake. Ama uisamehe kimya kimya, ama uidai kwa meseji yake peke yake siku nyingine. Dada naye kama koti lako liko kwake au kitabu, ni hivo hivo, kwanza malizana na vitu kwa meseji ya kikazi, "naomba umpe bodaboda koti langu, nalipia mimi", likishafika ndo uage.

Kuituma sasa. Usitume usiku uleule ulioandika, ilaze. Asubuhi isome ukiwa umeshakunywa chai, ukiona bado inasimama basi. Muda mzuri ni jioni mapema siku ya kazi, saa kumi na moja au kumi na mbili, mtu hayuko kwenye kikao na wewe hujabaki peke yako na giza. Usiku wa manane meseji yoyote inasomeka kama kilio. Tuma kwa maandishi, kipande kimoja, usikate vipande sita vya ting ting ting. Sehemu ya kutuma ni palepale mlipokua mnachati mara ya mwisho, usimfuate Instagram wala Facebook wala kupitia rafiki yake. Ukikosea herufi WhatsApp inakupa dakika 15 za kuhariri, na nakusihi usizitumie kuongeza sentensi.

Baada ya hapo kuna mtego wa kitufe. Kwenye Tinder ukibonyeza Unmatch chati nzima inapotea kwako na kwake pia, sasa watu wanatuma meseji nzuri alafu dakika hiyohiyo wanabonyeza, mwenzake hata hakuisoma. Mpe siku mbili tatu kisha bonyeza. Kwa WhatsApp huna sababu ya kumbloku kama hakukutendea ubaya, ipeleke chati kwenye Archive tu, itakaa huko hata akiandika mpya, haikurukii usoni. Na stetasi zako nazo ziage, usianze kupandisha nyimbo za kuachwa saa nne usiku ukijua anachungulia, umeshasema mwisho kwa staha usije ukaubatilisha kwa stetasi.

Rafiki yangu alituma Jumatano saa kumi na mbili kasoro, tiki zikawa bluu dakika chache baadaye, jamaa akaonekana anaandika, akaacha, akaandika tena, akaacha. Hakuna kilichokuja. Dada akaenda kukaanga ndizi.

Akijibu, majibu hua ni ya aina chache. "Sori nilikua bize" unamjibu "Usijali, kila la heri" na unanyamaza, usiingie kwenye ratiba yake. Akikutukana huna la kujibu, hapo sasa kitufe cha kubloku ndo kazi yake. Akikuambia amefiwa au aliugua, mpe pole ya kweli, kwa mstari wake, bila kugusa habari ya kuachana, na kama hali ikitulia mkaanza upya ni uamuzi wenu, meseji uliyoandika haina hata neno moja la kukuaibisha.

Alafu kuna yule wa miezi minne baadaye. Huyu hakosekani. Usiku, mvua inanyesha, "Mambo mrembo, ulipotelea wapi?" Yani yeye ndo anauliza. J aliiandika hiyohiyo mwezi wa nne, na dada alimjibu asubuhi, "Salama J. Niliaga siku ile na bado iko vilevile. Siku njema," akairudisha chati Archive akawahi daladala.